Kusawazisha vichwa, fonti na vijachini vya wasilisho lililokamilika kupitia slaidi kuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyekabidhiwa wasilisho lenye maudhui kamili, ila kila slaidi ina sura yake: kichwa hapa kiko juu, pale kimeshuka, fonti ziko nne, na namba za slaidi zinaonekana kwenye baadhi tu. Tunazungumzia PowerPoint ya Windows, toleo la 2016 na yaliyofuata. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa ndivyo utakavyoyakuta kwenye kompyuta nyingi za ofisi na steshenari za Kigoma.

Tutatembea na mfano mmoja. Tuseme kuna wasilisho la slaidi 36 la kikao cha wadau wa uvuvi, Kigoma mjini, kuhusu kufungwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Slaidi 1 hadi 12 ameandaa ofisa uvuvi. Slaidi 13 hadi 25 zimetoka kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo mmoja. Slaidi 26 hadi 36 ni za wafanyabiashara wa dagaa wakavu. Mafaili matatu yamepitishwa kwa WhatsApp na flashi, yakaunganishwa kuwa moja.

## Slaidi kuu inatawala nini hasa?

Fungua View, kisha Slide Master. Upande wa kushoto utaona picha moja kubwa kidogo juu, na chini yake picha ndogo zilizoning'inia. Ile ya juu ndiyo slaidi kuu. Hizo ndogo ni mipangilio: mpangilio wa slaidi ya jina, wa kichwa na maelezo, wa safu mbili, na kadhalika. Kila slaidi ya wasilisho lako imefungwa kwenye mpangilio mmoja, na kila mpangilio umefungwa kwenye slaidi kuu.

Slaidi kuu hutawala vitu vinavyokaa ndani ya vishika nafasi, yaani yale maboksi yenye nukta za mpaka yaliyotengwa kwa ajili ya kichwa, maelezo, tarehe, kijachini na namba ya slaidi. Pia inabeba fonti za mandhari, yaani Theme, na rangi zake. Kisanduku cha maandishi ulichokichora mwenyewe kwa Insert, Text Box hakipo chini ya kishika nafasi chochote, kwa hiyo ukubwa na mahali pake slaidi kuu haiwezi kuvigusa. Tofauti hii kati ya kishika nafasi na kisanduku ndiyo inayoeleza karibu kila kinachokwama katika kazi hii.

## Nimebadilisha kichwa kwenye slaidi kuu, mbona slaidi nyingine zimekataa kufuata?

Agizo hushuka kwa ngazi tatu: slaidi kuu, mpangilio, slaidi yenyewe. Ngazi ya chini ikiwa na agizo lake, hilo ndilo linaloshinda. Mtu aliyesogeza kichwa kwa kipanya kwenye slaidi ya 17 ameiwekea slaidi hiyo agizo lake binafsi la mahali, na tangu hapo haisikilizi tena juu. Aliyebadilisha ukubwa wa herufi lakini hakusogeza boksi amekata uzi wa ukubwa peke yake. Mahali pataendelea kufuata slaidi kuu. Ndiyo maana unaweza kukuta kichwa kimehama vizuri lakini herufi zimebaki zile zile.

Kujua agizo limekatikia wapi, rudi kwenye Slide Master na uweke kielekezi juu ya picha ya mpangilio bila kubofya. Kitatokea kijikaratasi chenye jina la mpangilio na namba za slaidi zinazoutumia. Ubofye. Kama kichwa ndani ya mpangilio wenyewe kiko mahali tofauti na cha slaidi kuu, tatizo liko kwenye mpangilio. Kama mpangilio uko sawa, tatizo liko kwenye slaidi.

Mpangilio una dawa yake. Bofya ukingo wa kishika nafasi cha kichwa ndani ya mpangilio, bonyeza Delete, kisha kwenye utepe wa Slide Master weka tena alama kwenye kisanduku cha Title. Kichwa kitarudi kikiwa kimeshika maagizo ya slaidi kuu upya. Kisanduku cha Footers kilicho jirani yake hufanya hivyo hivyo kwa tarehe, kijachini na namba. Usifanye hivi kwenye Title Slide na Section Header bila kufikiri: mipangilio hiyo miwili ina vichwa vikubwa kwa makusudi, na kwa kawaida haistahili kufanana na slaidi za ndani.

Dawa ya slaidi ni kitufe cha Reset, ambacho kina swali lake hapa chini.

## Nianze na nini kabla sijagusa kitu?

Hifadhi nakala yenye jina jingine, kisha orodhesha hali ilivyo. Bonyeza Alt+F11, chagua Insert, Module, bandika mistari hii, bonyeza Ctrl+G ili dirisha la matokeo lifunguke, halafu F5:

```
Sub Kagua()
  Dim s As Slide
  For Each s In ActivePresentation.Slides
    Debug.Print s.SlideIndex, s.Design.Name, _
      s.CustomLayout.Name, s.Shapes.HasTitle
  Next
End Sub
```

Kila slaidi itaandikiwa mstari mmoja: namba yake, slaidi kuu inayoitawala, mpangilio wake, na mwisho -1 kama ina kishika nafasi cha kichwa au 0 kama haina. Kwa wasilisho letu la uvuvi, tuseme mistari 12 ya kwanza inasoma Office Theme, 13 hadi 25 inasoma 1_Office Theme, na 26 hadi 36 inasoma 2_Office Theme. Slaidi za wafanyabiashara zote zina mpangilio wa Blank na 0 mwishoni. Sasa unajua kazi iko wapi: slaidi kuu ni tatu badala ya moja, na slaidi kumi na moja za mwisho hazina vichwa halisi, hata kama kwa macho vichwa vipo.

Asiyependa kubandika mistari hii atumie View, Outline View. Slaidi ambayo kichwa chake ni kisanduku tu itaonekana na namba bila maneno mbele yake.

## Naona slaidi kuu tatu. Nifute mbili?

Zifute, lakini baada ya kuzihamisha slaidi zake. Slaidi kuu za ziada huingia pale mtu anapobandika slaidi kwa Keep Source Formatting: kila kundi linakuja na slaidi kuu yake mgongoni, ndiyo hizo zenye 1_ na 2_ mwanzoni mwa jina.

Rudi Normal View, bofya slaidi ya 13, shikilia Shift, bofya ya 25. Nenda Home, Layout. Orodha itagawanyika kwa majina ya slaidi kuu. Chagua Title and Content iliyo chini ya Office Theme, si ile ya 1_Office Theme. Zenye mpangilio tofauti, kama ya jina au ya safu mbili, zichague peke yake na uzipe mpangilio unaolingana. Kisha fanya hivyo kwa 26 hadi 36.

Slaidi kuu isiyotumika na slaidi yoyote kwa kawaida hujiondoa yenyewe. Ikibaki, ina alama ya pini pembeni yake, maana yake mtu alibonyeza Preserve. Bofya Preserve kuondoa pini, au bofya kulia na uifute. Usiendelee na hatua inayofuata kama bado zimebaki mbili, kwa sababu utakuwa unarekebisha moja na nusu ya slaidi zinatii nyingine.

## Nikiweka vipimo vya kichwa, niweke vipi ili kisirukeruke?

Slaidi pana ya kawaida ina sentimita 33.87 kwa 19.05. Bofya kishika nafasi cha kichwa kwenye slaidi kuu ya juu kabisa, bofya kulia, Format Shape, kisha Size & Properties. Kwa fonti ya pointi 32 na vichwa visivyozidi mistari miwili, urefu wa kwenda chini wa sentimita 3 unatosha: mistari miwili inachukua takriban sentimita 2.7, na pambizo za ndani zinakula kidogo juu na chini. Weka upana 29.87, mlalo 2, wima 1. Boksi la maelezo lianzie wima 4.3 na liwe na urefu wa 12.9, hapo litaishia 17.2, na vijachini ambavyo kwa kawaida huanza karibu 17.66 havitagusana nalo.

Vipimo pekee havitoshi. Kuna mambo mawili yanayofanya vichwa vionekane vimeyumba hata boksi likiwa mahali pamoja kwenye kila slaidi. La kwanza ni upangaji wa wima. Ukiwa Middle, kichwa cha mstari mmoja kinakaa katikati ya boksi na cha mistari miwili kinapanda juu, kwa hiyo ukipitisha slaidi haraka maneno yanacheza. Weka Vertical alignment iwe Top, au Bottom kama unataka kichwa kikae karibu na maelezo. Chochote ila Middle.

La pili ni kujipunguza kwa herufi. Ikiwa Shrink text on overflow imechaguliwa, kichwa kirefu hujipunguza chenyewe bila kukuuliza, na utakuta slaidi ya 8 ina pointi 28 na kitu huku jirani zake zina 32. Hapo hapo kwenye Size & Properties, chini ya Text Box, chagua Do not Autofit. Matokeo yake ni kwamba kichwa kirefu mno sasa kitamwagika nje ya boksi, na hilo ni jema, kwa kuwa unakiona na kukifupisha. «Hali ya upatikanaji wa dagaa na migebuka kwa wavuvi wa mialo ya Manispaa ya Kigoma Ujiji kabla na baada ya kipindi cha kufunga ziwa» kinaweza kuwa «Dagaa na migebuka: kabla na baada ya kufunga ziwa», na mengine yakaingia kwenye maelezo.

Kwa boksi la maelezo, bofya mstari wa ngazi ya kwanza uupe pointi 24, wa pili 20, wa tatu 18. Ngazi ya nne na ya tano ziwekee 18 pia. Slaidi inayozihitaji ina maneno mengi kuliko inavyopaswa.

## Reset inafuta nini? Naogopa kuharibu kazi ya watu.

Hofu hiyo ina msingi. Reset, iliyoko Home pembeni ya Layout, hurudisha vishika nafasi vya slaidi uliyoichagua kwenye mahali, ukubwa na mwonekano wa mpangilio wake. Maneno hayapotei. Kinachopotea ni yale yaliyowekwa kwa mkono ndani ya vishika nafasi: rangi nyekundu aliyotia mtu kwenye takwimu moja, ukubwa wa herufi, boksi lililobanwa. Visanduku vya maandishi, picha zilizowekwa nje ya vishika nafasi na majedwali yaliyochorwa pembeni hubaki vilivyo.

Ajali ya kawaida ni hii. Slaidi ya 19 ina maelezo upande wa kushoto na picha ya mwalo upande wa kulia. Aliyeiandaa alitumia Title and Content, akalibana boksi la maelezo kwa mkono hadi nusu ya slaidi, kisha akaweka picha kwenye nafasi iliyobaki. Ukibonyeza Reset, boksi linarudi upana wake wote na maneno yanaingia nyuma ya picha. Kwa hiyo kabla ya Reset, pitia View, Slide Sorter na utafute slaidi zenye sura hiyo. Zipe kwanza mpangilio wa Two Content. Reset ikija, maelezo yatakaa nusu ya kushoto kama alivyotaka mwandishi. Kishika nafasi tupu cha kulia kinaweza kubaki nyuma ya picha. Kifute, au ikate picha kwa Ctrl+X, bofya kishika nafasi hicho na uibandike humo.

Fanya Reset kwa makundi ya slaidi tano au sita, uangalie, kisha uendelee. Ukichagua zote 36 kwa mkupuo itafanya kazi, ila kugundua kilichoharibika kutakuchukua muda mrefu kuliko uliookoa. Na kama kuna rangi iliyobeba maana, mfano mwandishi amepaka nyekundu miezi ya ziwa kufungwa, iandike pembeni kabla, ukairudishe baadaye kwenye slaidi hiyo tu.

## Vichwa vya slaidi za mwisho ni visanduku vya kawaida. Navigeuzaje kuwa vichwa halisi?

Hakuna kitufe cha kugeuza kisanduku kuwa kishika nafasi. Baada ya kuipa slaidi mpangilio wenye kichwa, kishika nafasi tupu kitatokea juu. Chagua maneno ndani ya kisanduku cha zamani, Ctrl+X, bofya ndani ya kichwa kipya, bofya kulia na uchague Keep Text Only kwenye alama za kubandika. Ukitumia Ctrl+V ya kawaida, fonti na ukubwa wa zamani vinaweza kuja navyo na utakuwa umehamisha ugonjwa. Kisanduku kilichobaki tupu kifute. Bonyeza Alt+F10 upate orodha ya vitu vilivyomo kwenye slaidi, maana kisanduku kisicho na maneno hakionekani kwa macho.

Slaidi 11 ni kazi ya dakika chache tu.

## Fonti: nimetumia Replace Fonts na zote zinafanana. Si imekwisha?

Zinafanana leo. Kesho mkubwa akisema tubadilishe, utaanza upya. Sababu ni kwamba fonti ya maandishi inaweza kuandikwa kwa namna mbili ndani ya faili: kama jina kamili, mfano Times New Roman, au kama rejeo la «fonti ya vichwa» na «fonti ya maelezo» ya mandhari. Weka kishale ndani ya maandishi uangalie kisanduku cha fonti kwenye Home. Kikisoma jina likifuatiwa na neno Headings au Body, maandishi hayo yanafuata mandhari. Kikisoma jina peke yake, yamejifunga.

Replace Fonts, iliyoko Home chini ya Replace, hubadilisha jina kwa jina. Times New Roman inakuwa Calibri, lakini ni Calibri iliyojifunga. Pamoja na hayo kidirisha chake kina faida moja kubwa: orodha ya juu huonyesha fonti zote zilizotajwa ndani ya faili, na hapo ndipo unapogundua kuwa kuna Comic Sans mahali fulani.

Utaratibu unaodumu ni huu. Kwenye Slide Master, bofya Fonts, Customize Fonts, chagua Heading font na Body font, uipe seti jina, uihifadhi. Kisha hakikisha kwenye slaidi kuu yenyewe kuwa kichwa kinasoma Headings na maelezo yanasoma Body, kwa sababu mtu aliyetangulia anaweza kuwa ameandika jina la fonti moja kwa moja pale juu, na wewe ukibadilisha seti hakuna kinachotokea. Vishika nafasi vya slaidi vikishapitiwa na Reset, vitafuata.

Visanduku vya maandishi na maumbo havisikii Reset. Kama ni vichache, chagua kila kimoja na uchukue fonti iliyo juu kabisa ya orodha, chini ya Theme Fonts. Kama ni vingi, tumia hii:

```
Sub RudishaFonti()
  Dim s As Slide, u As Shape
  For Each s In ActivePresentation.Slides
    For Each u In s.Shapes
      If u.Type <> msoPlaceholder Then
        If u.HasTextFrame Then
          u.TextFrame.TextRange.Font.Name = "+mn-lt"
        End If
      End If
    Next
  Next
End Sub
```

Alama +mn-lt ndiyo namna faili inavyoandika «fonti ya maelezo ya mandhari». Ya vichwa ni +mj-lt. Mistari hii haigusi vitu vilivyounganishwa kwa Group, seli za majedwali, wala maandishi ya grafu, kwa hiyo hivyo vipitie kwa mkono. Angalia pia alama za tiki au mishale zilizoandikwa kwa Wingdings: zikipoteza fonti yake zinaweza kugeuka kuwa herufi zisizoeleweka. Ukihifadhi faili kama .pptx PowerPoint itakuuliza kuhusu makro, yaani mistari uliyobandika. Kubali ihifadhi bila makro, kazi yake imekwisha.

Grafu iliyobandikwa kama picha haitabadilika kwa lolote. Iombe upya kutoka kwa mwenye faili la Excel, au ikubali ilivyo.

## Nimeandika kijachini kwenye slaidi kuu lakini slaidi hazionyeshi kitu. Kwa nini?

Hili huwasumbua watu kuliko yote, kwa kuwa kijachini hakifuati desturi ya kichwa. Slaidi kuu na mpangilio huamua kijachini kikae wapi na kiwe na sura gani. Kama kitaonekana, na kitasema nini, huamuliwa kwenye Insert, Header & Footer, na kila slaidi hupewa nakala yake. Maneno uliyoyaandika kwenye slaidi kuu pekee hayashuki kwenye slaidi ambazo zipo tayari.

Kwa wasilisho lililokamilika, njia safi ni kufuta vyote kisha kuviweka upya. Kwanza kwenye Slide Master panga vishika nafasi vitatu vya chini: tarehe kushoto, kijachini katikati, namba kulia, fonti ya pointi 12, rangi inayosomeka. Hakikisha kila mpangilio unaoutumia una alama kwenye Footers. Funga kwa Close Master View.

Sasa Insert, Header & Footer. Ondoa alama zote, yaani Date and time, Slide number na Footer, kisha bofya Apply to All. Vijachini vyote halali vinatoweka. Pitia slaidi kwenye Slide Sorter. Chochote kilichobaki chini ni mgeni. Ukiweza kukibofya kwenye slaidi, ni kisanduku alichochora mtu, kifute. Kama hakibofyeki, kimechorwa kwenye mpangilio au slaidi kuu, kifuate huko. Kwenye mfano wetu, slaidi za BMU zinaweza kuwa na «Mei 2024» iliyoandikwa ndani ya kisanduku slaidi kwa slaidi, na usingeijua mpaka ikae juu ya kijachini kipya maandishi mawili yakipandana.

Eneo la chini likishakuwa tupu, fungua tena Header & Footer. Weka alama kwenye Slide number na Footer, andika «Kikao cha wadau wa uvuvi, Kigoma», weka alama kwenye Don't show on title slide, Apply to All. Kila slaidi inapata nakala mpya kutoka kwenye mpangilio wake, mahali sahihi.

Kwa tarehe, chagua Fixed na uandike mwenyewe kwa Kiswahili, mfano 20 Septemba 2024. Update automatically itaonyesha tarehe ya siku faili linapofunguliwa, na nakala iliyowekwa kwenye kumbukumbu za ofisi itakuwa inadanganya kila ikifunguliwa.

## Nimebofya Apply to All lakini slaidi mbili bado hazina namba.

Angalia mpangilio wake. Mpangilio usio na kishika nafasi cha namba hauna cha kuipa slaidi. Fungua Slide Master, bofya mpangilio huo, weka alama kwenye Footers, rudi, kisha Apply to All tena. Kama Footers imefifia na haibofyeki, vishika nafasi vimefutwa kwenye slaidi kuu yenyewe. Bofya slaidi kuu, Master Layout, uvirudishe.

Kinyume chake pia hutokea: ukurasa wa jina unaonyesha namba ingawa umeweka Don't show on title slide. Chaguo hilo hutambua mpangilio wa Title Slide, halijali slaidi ipo ya kwanza au la. Kama ukurasa wa jina umeandaliwa kwa Blank, ubadilishie mpangilio.

## Nataka namba ianze 1 kwenye slaidi ya pili, na isomeke «1 ya 35».

La kwanza linawezekana: Design, Slide Size, Custom Slide Size, kwenye Number slides from andika 0. La pili PowerPoint haina namba inayojihesabu jumla. Unaweza kuandika «ya 35» baada ya alama ya namba ndani ya mipangilio kisha ufute na kurudisha vijachini, lakini slaidi moja ikiongezwa, zote zimekuwa na uongo. Tunashauri uache.

## Na nembo?

Iweke mara moja kwenye slaidi kuu, kisha ifute kwenye slaidi moja moja. Ikikosekana mahali, mpangilio au slaidi hiyo ina alama kwenye Hide Background Graphics.

## Kwangu ni safi, ukumbini fonti zimebadilika. Nini kimetokea?

Kompyuta ya ukumbini haina fonti hiyo, kwa hiyo imechukua nyingine yenye upana tofauti, na vichwa vya mstari mmoja vimekuwa viwili. Hii hutokea sana na Aptos, fonti ambayo Microsoft imeifanya ya kawaida tangu 2023. Office ya 2016 haiji nayo. Kwa kikao ambacho hujui utatumia kompyuta ya nani, chagua Calibri au Arial kwenye seti ya fonti. Ukilazimika kutumia fonti ya kipekee, File, Options, Save, kisha Embed fonts in the file. Faili litakuwa kubwa zaidi, na fonti ambayo leseni yake hairuhusu haitaingia. Chukua pia nakala ya PDF kwenye flashi.

## Situmii PowerPoint ya Windows. Nifanyeje?

Google Slides ina View, Theme builder. LibreOffice Impress ina View, Master Slide. WPS ina View, Slide Master. Mantiki ya ngazi ni ile ile, ila Impress haitumii mipangilio kwa namna hii, na faili la .pptx likihifadhiwa huko linaweza kurudi na slaidi kuu nyingi kuliko lilivyokwenda. Kama wenzako wote wana PowerPoint, usawazishaji ufanyikie humo. Usijaribu kwenye simu.

## Nimemaliza, kisha mtu ameleta slaidi tatu za nyongeza asubuhi ya kikao. Nizipokeeje?

Zinakili kwenye faili lake, kwenye lako bofya kulia kati ya slaidi mbili, na uchague Use Destination Theme, ile alama ya kwanza. Zitaingia chini ya slaidi kuu yako. Mpangilio wenye jina ambalo kwako halipo utakuja nao, kwa hiyo baada ya kubandika chagua slaidi hizo tatu, Home, Layout, uzipe mpangilio wako, kisha Reset. Halafu Insert, Header & Footer, Apply to All, kwa sababu slaidi ngeni mara nyingi huja bila namba au na kijachini cha kwao. Mwisho fungua Slide Master, futa mpangilio mgeni uliobaki bila slaidi; ukigoma kufutika, ipo slaidi bado inautumia, na kijikaratasi cha kielekezi kitakutajia namba yake.